Akiba ya vijipicha na aikoni kwenye Windows na Mac: uiache, uifute au uizime?

Laptopu yenye SSD ya GB 128 au 256 hujaa upesi, hasa ikiwa ya mtu anayepiga picha. Ikifika hapo mwenyewe huanza kutafuta cha kufuta. Kwenye Windows, katika orodha ya mafaili ya muda, anakuta mstari ulioandikwa Thumbnails, yaani vijipicha, na ukubwa wake pembeni, tuseme MB 380. Atie tiki au asitie? Mwenye Mac hana hata mstari huo. Anachokuta ni ushauri wa kubandika amri kwenye Terminal, bila maelezo ya kitakachotokea.

Akiba hiyo ni nakala ndogo za picha ambazo mfumo umezihifadhi, na wote wawili wana njia tatu: kuiacha ilivyo, kuifuta, au kuzima vijipicha ili akiba isijengeke tena. Hakuna iliyo bora kwa kila mtu. Nitazipima zote kwa mambo manne yale yale: nafasi inayopatikana kwenye diski, kasi ya kufungua folda, kama inaponya hitilafu za mwonekano, na inavyogusa siri zako.

## Akiba yenyewe iko wapi

Ukifungua folda ya picha kwa mara ya kwanza, mfumo hufungua kila picha, huipunguza, huionyesha, kisha huhifadhi ile nakala ndogo. Ukirudi kesho, husoma nakala hiyo tu na picha kubwa haiguswi. Akiba ya aikoni hufanya vivyo hivyo kwa alama za programu na za aina za mafaili.

Windows XP iliweka faili lililofichwa, Thumbs.db, ndani ya kila folda. Tangu Vista, iliyotoka 2007, vijipicha vya diski za ndani hukusanywa mahali pamoja kwa kila mtumiaji. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, kisha andika:

```
%LocalAppData%\Microsoft\Windows\Explorer
```

Utaona mafaili kama thumbcache_96.db na thumbcache_256.db. Namba ni ukubwa wa kijipicha kwa pikseli, kwa hiyo folda uliyoizoea kuitazama kwa picha kubwa hujaza faili la 256. Mafaili yanayoanza na iconcache_ ni ya aikoni. Usishangae mengine yakiwa na KB 1 tu: ni matupu, kwa sababu hujawahi kutazama kwa ukubwa huo.

Kwenye Mac, vijipicha hutengenezwa na Quick Look, sehemu ya mfumo ya kuchungulia mafaili, na huwekwa ndani ya /private/var/folders, katika folda zenye majina ya herufi zisizosomeka. Kiini chake ni folda ya com.apple.QuickLook.thumbnailcache. Aikoni ziko karibu na hapo, chini ya com.apple.iconservices na com.apple.dock.iconcache. Apple haikukusudia mtumiaji afike huko, na matoleo ya karibuni ya macOS yanaweza kukukatalia hata kutazama, kwa ujumbe wa Operation not permitted. Ukitaka makadirio ya akiba yako yote kwa pamoja, si ya vijipicha peke yake, amri hii inatosha:

```
du -sh "$(getconf DARWIN_USER_CACHE_DIR)"
```

Jambo moja huwachanganya wengi: faili la .DS_Store linaloonekana kwenye flashi iliyotoka kwenye Mac si akiba ya vijipicha. Linahifadhi mpangilio wa folda, yaani aikoni zimekaa wapi na dirisha lina umbo gani. Kwa kawaida ni dogo mno, KB chache. Kulifuta hakukupi nafasi, na mpangilio wako unapotea.

## Inakua kiasi gani? Hesabu ya studio ya picha

Chukua mpiga picha za harusi mwenye picha 12,000 za JPEG, kila moja ikiwa na MB 6 hivi. Picha zenyewe ni GB 72. Kijipicha cha pikseli 96 huwa na KB chache, tuweke 4. Cha pikseli 256 tukiweke KB 20. Akizitazama zote kwa saizi zote mbili, akiba itakuwa 12,000 mara KB 24, yaani MB 288 hivi. Hiyo ni chini ya nusu ya asilimia moja ya picha zenyewe. Akiifuta yote, nafasi aliyoipata haitoshi kuhifadhi hata picha 50 mpya za aina hiyo.

Kuna mambo yanayoongeza namba hiyo. Skrini yenye pikseli nyingi huomba vijipicha vikubwa zaidi, na ukikuta faili kama thumbcache_768.db limevimba, huenda sababu ni hiyo. Picha za PNG zenye sehemu zinazopenyesha nuru hutoa vijipicha vizito kuliko JPEG. Halafu kuna jambo wengi hawalijui: Windows hutambua kijipicha kwa vitu kadhaa vya faili, ukiwamo muda lilipobadilishwa mara ya mwisho. Ukihariri picha na kuihifadhi, huzaliwa kijipicha kipya huku cha zamani kikibaki. Ukiifuta picha, kijipicha chake hakifutwi nayo. Ndiyo maana akaunti iliyotumika miaka mingi inaweza kufikisha GB kadhaa, ingawa picha zilizopo ni chache.

Akiba ya aikoni ni habari nyingine. Programu na aina za mafaili havizidi mamia machache, kwa hiyo ni nadra ivuke makumi ya MB. Yeyote anayefuta aikoni ili apate nafasi anapoteza muda wake.

## Njia ya kwanza: kuiacha

Nafasi. Unabaki na mzigo wa mamia ya MB kwa kawaida. Kwenye diski ya GB 256 hilo halihisiki. Kwenye kompyuta ndogo yenye hifadhi ya GB 32 au 64, linahisika.

Kasi. Hapa kuiacha ndiko kunakoshinda, na tofauti ni kubwa kuliko watu wanavyodhani. Turudi kwa yule mpiga picha. Picha zake ziko kwenye diski ya nje ya kuzunguka, inayosoma MB 100 kwa sekunde. Bila akiba, kuzipitia zote kunamaanisha kusoma hadi GB 72 upya, dakika 12 za diski kukimbia mfululizo, kabla hujahesabu kazi ya kichakataji. Kama ziko kwenye kompyuta nyingine ya ofisi na Wi-Fi inapitisha MB 5 kwa sekunde, folda moja ya picha 600 itachukua hizo hizo dakika 12. Baadhi ya picha za kamera hubeba kijipicha chao ndani na hufunguka upesi zaidi, lakini usilitegemee hilo kwa folda nzima. Video nazo, ingawa hutoa kijipicha kimoja tu, huutaka mfumo uisimbue fremu kwanza, na hiyo ni kazi nzito.

Hitilafu. Kama akiba ina kosa, kosa linabaki. Kijipicha cheusi leo kitakuwa cheusi kesho.

Siri. Vijipicha vya picha ulizofuta zamani vinaendelea kukaa. Wachunguzi wa kompyuta wamevitumia kwa miaka mingi kama ushahidi kwamba picha fulani iliwahi kuwapo kwenye mashine. Kwenye Mac jambo hili lilizungumzwa sana Juni 2018, watafiti wa usalama Patrick Wardle na Wojciech Reguła walipoonyesha kwamba Quick Look ilikuwa ikihifadhi, kwenye diski kuu, vijipicha vya mafaili yaliyokuwa ndani ya diski iliyosimbwa kwa nenosiri. Diski ilifungwa na kuondolewa, lakini nakala ndogo za picha zake zilibaki nje.

Njia hii inamfaa anayerudi kwenye folda zile zile kila siku: mpiga picha, mhariri wa video, mbunifu wa michoro.

## Njia ya pili: kuifuta

Kufuta kwa usalama kwenye Windows hakuhitaji programu ya kupakua. Nenda Settings, kisha System, Storage, Temporary files, tia tiki kwenye Thumbnails na uondoe. Soma orodha kabla ya kubonyeza, maana folda ya Downloads nayo huonekana humo, na hiyo ina mafaili yako halisi. Kwenye matoleo ya zamani, Disk Cleanup hufanya kazi hiyo hiyo.

Ikishindikana, kuna njia ya mkono. Mafaili haya hushikiliwa na File Explorer, ndiyo maana ukijaribu kuyafuta tu unaambiwa yanatumika. Hifadhi kazi zako, fungua Command Prompt (si PowerShell, ambayo haielewi alama za % zilivyotumika hapa) na uandike:

```
taskkill /f /im explorer.exe
del /f /q "%LocalAppData%\Microsoft\Windows\Explorer\thumbcache_*.db"
start explorer.exe
```

Baada ya mstari wa kwanza, mwambaa wa chini na vitu vya mezani vitatoweka. Usihofu, dirisha la Command Prompt linabaki, na mstari wa tatu unavirudisha. Kwa aikoni, badilisha thumbcache_ iwe iconcache_ kwenye mstari wa pili.

Kwenye Mac amri ya vijipicha ni moja:

```
qlmanage -r cache
```

Kisha ifungue Finder upya kwa `killall Finder`. Aikoni za Dock zikiwa na kasoro, anza na `killall Dock` na kuwasha mashine upya kabla ya jambo lolote kubwa zaidi. Kuna ushauri unaozunguka wa kuifuta /private/var/folders yote kwa rm -rf. Usiufuate. Humo mna mafaili ya muda ya programu zinazoendelea kufanya kazi, na matokeo yake ni programu kugoma au mashine kukataa kuingia vizuri.

Nafasi. Unapata kiasi ulichokiona, lakini kwa muda. Akiba inaanza kujijenga dakika ile ile unapofungua folda. Isipokuwa ilikuwa imebeba mabaki ya picha zilizokwishafutwa. Hapo nafuu inadumu.

Kasi. Inapungua mara tu baada ya kufuta, kisha inarudi ilivyokuwa. Sijaona sababu ya kuamini kwamba kompyuta nzito inakuwa nyepesi kwa kufutiwa vijipicha, na mafundi wanaoifanya hiyo kuwa sehemu ya huduma kila mashine inapoletwa wanampa mteja folda za polepole. Tofauti ni moja tu: faili la akiba lenyewe likiharibika, File Explorer inaweza kukwama kila inapofika folda fulani, na kufuta kunaondoa mkwamo huo.

Hitilafu. Hapa ndipo kufuta kuna maana kuliko popote, lakini kwanza hakikisha kosa liko kwenye akiba. Kipimo ni rahisi. Nakili picha moja yenye kijipicha kibovu uipeleke kwenye folda mpya. Nakala hiyo ni faili jipya, kwa hiyo mfumo hauna budi kuitengenezea kijipicha kipya. Kikitoka sawa, akiba ndiyo mbovu, ifute. Kikitoka kibovu tena, tatizo liko kwingine na kufuta hakutasaidia kitu.

Huko kwingine ni wapi? Kama ni picha za HEIC kutoka iPhone na Windows haizionyeshi, inayokosekana mara nyingi ni HEIF Image Extensions kutoka Microsoft Store. Kama picha zote za kila folda zinaonyesha alama moja badala ya vijipicha, tazama kama Always show icons, never thumbnails imetiwa tiki. Hilo pia hutokea mtu anapochagua Adjust for best performance, kwa kuwa chaguo hilo huzima vijipicha pamoja na mapambo mengine. Njia ya mkato ya mezani yenye alama nyeupe ibofye kwanza: programu ikifunguka, akiba ya aikoni ndiyo ya kushughulikia, lakini ikisema haipati faili, programu yenyewe imeondolewa. Alama ya kuuliza kwenye Dock ya Mac ina maana hiyo hiyo.

Siri. Kufuta kunaondoa mabaki kwa jicho la kawaida. Hakutoshi unapouza mashine, kwa sababu data iliyofutwa inaweza kurudishwa kabla haijaandikwa juu yake.

Njia hii inamfaa mwenye hitilafu iliyothibitika, au mwenye faili la thumbcache lililopita GB moja huku picha alizonazo ni chache.

Windows 10 ina tabia nyingine ya kuijua. Baadhi ya mashine hujifutia akiba hii zenyewe kupitia kazi ya SilentCleanup, na dalili ni kwamba folda iliyofunguka haraka jana inajenga vijipicha upya leo baada ya kuwashwa. Kinachoamua ni thamani iitwayo Autorun kwenye rejista, yaani hifadhi ya mipangilio ya Windows, mahali hapa:

```
HKLM\SOFTWARE\Microsoft\Windows\CurrentVersion\Explorer\VolumeCaches\Thumbnail Cache
```

Ikiwa 1, ibadilishe iwe 0. Sasisho kubwa la Windows linaweza kuirudisha, kwa hiyo dalili ikijitokeza tena, rudi ukaitazame.

## Njia ya tatu: kuzima vijipicha

Kwenye Windows fungua File Explorer Options, kichupo cha View, na utie tiki Always show icons, never thumbnails. Kwenye Mac, ukiwa ndani ya folda bonyeza Command na J, uondoe tiki ya Show icon preview, kisha Use as Defaults kama unataka folda nyingine za mwonekano huo zifuate.

Nafasi. Akiba inaacha kukua, lakini iliyokwishajengwa haiondoki. Zima kwanza, ndipo ufute. Akiba ya aikoni inaendelea, kwa kuwa mfumo hauwezi kuishi bila hiyo.

Kasi. Folda hufunguka papo hapo, hata ikiwa ya mtandao. Unacholipa ni macho yako: picha 600 zote zinafanana, na kilichobaki ni majina kama IMG_4512. Kwa mpiga picha hiyo ni hasara isiyovumilika. Kwa ofisi ya uhasibu yenye folda za PDF na Excel, hakuna kilichopotea.

Hitilafu. Vijipicha vibovu havionekani tena, ingawa sababu yake haijatibiwa.

Siri. Inapunguza kuliko njia nyingine, lakini kwenye Mac si kinga kamili. Ukibonyeza kitufe cha nafasi kuchungulia faili, au ukitumia mwonekano wa Gallery, Quick Look bado inafanya kazi.

Kuna hali ya katikati ambayo ofisi nyingi zinaihitaji bila kuijua. Kwenye folda za mtandao, Windows bado huandika Thumbs.db kama zamani. Matokeo yake ni kwamba unajaribu kufuta au kuhamisha folda ya pamoja, unaambiwa faili limefunguliwa, kumbe ni Thumbs.db iliyoshikiliwa na kompyuta ya mwenzako anayetazama folda hiyo. Huhitaji kuzima vijipicha vyote. Zuia mafaili hayo kwenye mtandao tu, kwa Command Prompt iliyofunguliwa kama msimamizi ukiwa kwenye akaunti ya mtumiaji husika:

```
reg add "HKCU\Software\Policies\Microsoft\Windows\Explorer" /v DisableThumbsDBOnNetworkFolders /t REG_DWORD /d 1 /f
```

Toka kwenye akaunti kisha uingie tena. Mac haiandiki Thumbs.db. Inayoacha kwenye mtandao ni .DS_Store, nayo huzuiwa hivi:

```
defaults write com.apple.desktopservices DSDontWriteNetworkStores -bool true
```

## Uchague nini, kulingana na hali yako

Diski imejaa na unatafuta GB 10 au 20: usianzie kwenye vijipicha. Kwa mtumiaji wa Lightroom Classic, tazama ukubwa wa faili la Previews.lrdata lililo kando ya katalogi. Vikiwa humo vionyeshi vya ukubwa kamili, nenda Library, Previews, Discard 1:1 Previews. Hapo ndipo GB zilipojificha. Vijipicha vilivyo ndani ya maktaba ya Photos ya Mac usiviguse kwa mkono, kwa kuwa ni sehemu ya maktaba yenyewe.

Una kompyuta ya hifadhi ndogo, GB 32 au 64, na hufanyi kazi ya picha: zima vijipicha, kisha ufute akiba mara moja.

Unafanya kazi ya picha au video kila siku: iache. Ukiona kasoro, fanya kipimo cha kunakili kabla ya kufuta.

Aikoni za mezani zimekuwa nyeupe baada ya kusasisha programu: washa mashine upya kwanza. Zikibaki hivyo, futa mafaili ya iconcache_ peke yake na uviache vijipicha.

Kompyuta inatumiwa na watu kadhaa kwa akaunti moja, na kuna picha za siri: tenganisha akaunti, kwa sababu akiba hujengwa kwa kila mtumiaji. Washa BitLocker au FileVault ili diski isisomeke ikiibiwa. Ukiwa na Mac na diski ya nje iliyosimbwa, endesha `qlmanage -r cache` baada ya kuiondoa.

Unauza au kugawa mashine: kufuta akiba peke yake hakufai. Kwenye Windows tumia Reset this PC, chagua Remove everything, na ndani ya Change settings washa Clean data. Kwenye Mac yenye chipu ya Apple au T2, ikiwa na macOS Monterey au ya baadaye, tumia Erase All Content and Settings.